Lipa mdogo mdogo, kuweka dukani au kudunduliza: hesabu yangu baada ya kupita njia zote tatu

Katika kazi yangu ya ushonaji nimepata vifaa kwa njia tatu. Simu niliichukua kwa lipa mdogo mdogo, mashine ya kudarizi niliiweka dukani, yaani ikatengwa nikailipia kidogo kidogo mpaka ikaisha ndipo nikaichukua, na mwishoni nikamsimamia mdogo wangu adundulize ya kwake mwenyewe. Kote tulifika. Tofauti haikuonekana pale dukani, ilionekana nilipokaa na daftari nikajumlisha kila nilichotoa. Kama wiki hii unaangalia bango lenye kianzio kidogo na rejesho dogo la kila siku, hesabu hii nataka uwe nayo kabla hujatia saini.

Ili imfae kila mtu, bei ya keshi ya simu niliyoitaka nitaiita 1,000. Weka fedha yako na bei za kwako, cha kuangalia ni uwiano.

Simu yangu ya zamani ilikufa kioo katikati ya msimu wa kazi. Wateja wangu wengi hutuma picha ya mshono wanaoutaka, tunakubaliana bei, wananitumia malipo ya awali, kisha ndipo wanakuja kupimwa. Bila simu yenye kioo kizuri nilikuwa napoteza kazi kila wiki. Mkononi nilikuwa na 200. Wakala wa simu za mkopo akanieleza: kianzio 200, halafu 4 kila siku kwa siku 365.

"Dada, ni 4 tu kwa siku, hata hutaisikia."

"Kaka, nikimaliza nitakuwa nimetoa ngapi kwa jumla?"

Akafunua karatasi zake, akarudi kwenye ile 4 ya kila siku. Nikatoa kikokotoo. Nne mara 365 ni 1,460, ongeza kianzio 200, jumla 1,660. Simu ileile, rangi ileile, duka la mtaa wa pili lilikuwa linaiuza 1,000 keshi.

Hapo pana jambo la kuangaliwa vizuri. Karatasi ya wakala nayo ilikuwa na mstari wa bei ya keshi, na bei hiyo ilikuwa 1,150. Ukilinganisha na hiyo, nyongeza inaonekana kuwa 510. Lakini hakuna aliyenilazimisha kununua keshi kwake. Bei ya kulinganisha ni ile ndogo kabisa unayoweza kuipata kwa muuzaji unayemwamini, kwa simu hiyohiyo, ujazo uleule wa hifadhi na dhamana ileile. Kwa hiyo nyongeza yangu halisi ilikuwa 660. Kama ndani ya mkopo kuna kitu cha ziada, mathalani bima ya kioo au vifurushi vya intaneti, kitoe kwanza kwa thamani yake, ila kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungekuwa tayari kukilipia, si bei waliyoiandika wao.

Halafu jiulize umekopeshwa nini hasa. Mimi sikukopeshwa 1,000, nilikopeshwa 800, kwa sababu 200 niliitoa siku ya kwanza. Kwa 800 hiyo nilirejesha 1,460, yaani nyongeza ni asilimia 82 na nusu ya mkopo. Na hata asilimia hiyo inaficha kitu. Ile 800 sikukaa nayo mwaka mzima, maana deni lilikuwa linapungua kila siku niliyolipa. Ukiipiga riba kwa deni lililobaki, kama unavyopaswa kuilinganisha na mkopo mwingine, inazidi asilimia 130 kwa mwaka. Kama kuna chama cha akiba na mikopo kinachoweza kukukopesha 800 kwa riba ya kawaida ukanunue simu keshi, tofauti ni kubwa mno. Mimi wakati ule sikuwa mwanachama wa chochote.

Nikachukua simu, nikijua bei yake. Kazi zilikuwa zinanipita na faida ya nguo mbili tu kwa mwezi ilikuwa inazidi rejesho. Sijutii. Ila kuna tarehe moja niliyoiandika kwenye daftari siku ileile na ambayo ndiyo inayoeleza mpango mzima: siku ya 200. Siku hiyo nakuwa nimetoa kianzio 200 na marejesho 800, jumla 1,000. Simu imeshalipwa bei yake yote ya dukani. Na bado nina siku 165 mbele yangu, ambazo katika siku yoyote kati ya hizo nisipolipa, simu inafungwa.

Sasa geuza hesabu. Kama ningeichukua ile 200 niliyokuwa nayo, kisha kila siku nikaweka pembeni 4 ileile, siku ya 200 ningeenda dukani na 1,000 nikanunua simu yangu huru. Kwa hiyo nilichokinunua kwa 660 ni kitu kimoja tu: kuwa na simu katika zile siku 200 ambazo vinginevyo ningezisubiri. Gawanya 660 kwa 200, unapata 3.3 kwa kila siku ya kutosubiri. Hilo ndilo swali la kumuuliza mtu anayetaka simu ya mkopo, na la kujiuliza mwenyewe: kuwa na kifaa hiki sasa kunakuingizia, baada ya gharama zote, zaidi ya 3.3 kwa siku? Kwangu kulikuwa kunaingiza. Kwa mtu ambaye simu ni ya mazungumzo na picha, na ile ya zamani bado inapiga na kupokea, sioni itatoka wapi.

Wapo wanaosema bei zinapanda, usiposhika leo utakuta imeshapaa. Ni kweli bei hupanda. Lakini kwa mfano wangu, ili kusubiri kuwe hasara, simu ya 1,000 ingebidi ifike 1,660 ndani ya siku 200. Na simu mara nyingi huenda kinyume, toleo jipya likitoka la zamani hushuka.

Kufungwa kwa simu nilikuona kwa macho yangu kabla mwaka haujafika nusu. Mteja mmoja alichelewesha malipo, nami nikalipa rejesho langu usiku badala ya asubuhi. Simu ikawa imeshafungwa. Kioo kizima kilichukuliwa na ujumbe mmoja: kiasi ninachodaiwa, namba ya kulipia, namba ya huduma kwa wateja na kitufe cha simu za dharura. Hapakuwa na kingine. Vipimo vya wateja nilivyokuwa nimevipiga picha vilikuwa humo ndani. Nikakopa simu ya jirani, nikalipa, ujumbe wa malipo ukarudi, na simu bado imefungwa. Nilikaa nayo hivyo mpaka asubuhi, na mtu alikuwa anakuja kuchukua gauni ambalo sikukumbuka urefu wa mkono wake. Ile hali ya kushika kitu mkononi, umeshakilipia, na kisikutii, inakera kuliko deni lenyewe.

Sababu ya kubaki imefungwa ilikuwa rahisi, na mtu angeniambia mapema ningelala vizuri. Programu ya kufunga ndani ya simu huwa inatunza tarehe ya mwisho uliyolipia. Ukilipa, kompyuta ya mkopeshaji inaituma tarehe mpya kupitia intaneti. Kifurushi changu kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo simu haikuwa na njia ya kupata habari. Asubuhi nilipokaribia mtandao wa wifi ambao simu ilikuwa inaujua, ikafunguka yenyewe. Wakopeshaji wengine hutoa namba ya siri ya kuingiza pasipo intaneti. Uliza siku ya kwanza: nikilipa na sina kifurushi, simu inafunguliwaje? Na uliza wakuoneshe, usiishie kwenye maneno.

Usidhani kufuli hili ni programu ya kawaida ambayo fundi wa kona ataifuta. Simu ya mkopo ya Android huwekwa chini ya usimamizi wa kifaa tangu inapowashwa mara ya kwanza, daraja ambalo mtumiaji hawezi kulitoa. Samsung wana mfumo wao uitwao Knox Guard, ambao unaitambua simu kwenye kompyuta zao kwa IMEI yake, ile namba ya utambulisho ya kila simu. Ukiifuta simu yote ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, ikigusa intaneti tu inajulikana na kufuli linarudi. Anayekuahidi kuitoa kwa fedha kidogo anakuuzia tatizo jingine, kwa sababu anachokifanya mara nyingi ni kuizuia simu isiwasiliane na kompyuta hiyo, na sasisho moja tu linaweza kukurudisha ulipokuwa. Juu ya hayo unakuwa umevunja mkataba.

Baada ya usiku ule nilibadilisha mambo mawili. Vipimo vya wateja nikarudi kuviandika kwenye daftari, na picha nikaziacha zijihifadhi kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo naweza kuifungua kwenye simu yoyote. Majina ya wateja nayo nikayaweka kwenye akaunti hiyohiyo badala ya kumbukumbu ya simu. Laini yenyewe haifungwi, ukiitoa na kuiweka kwenye simu nyingine fedha zako na ujumbe wa kuthibitisha vinakufuata. Kwa hiyo simu ndogo ya vitufe kwenye droo ni kinga nzuri kwa mtu mwenye simu ya mkopo.

Jambo la pili lilikuwa kulipa mbele. Mpango wangu ulikubali kulipa siku nyingi kwa pamoja, hivyo wiki nzuri nilikuwa naweka siku kumi zaidi. Niliuliza pia kama nikimaliza mapema napunguziwa. Jibu lilikuwa hapana, jumla ni ileile 1,660 hata ukilipa yote kesho. Wapo wanaopunguza, na kwao kumaliza mapema kuna maana kubwa. Kwa wasiopunguza, usijinyime chakula ili umalize haraka, maana unachopata ni kuondokana na kufuli tu. Tena uliza kinachotokea ukishindwa kabisa. Kwangu mkataba ulisema simu inarudishwa na kianzio hakirudi. Fikiria mtu anayekwama siku ya 290: ameshatoa 1,360, anaikosa simu, na hana cha kuuza.

Rejesho la mwisho nililipa nikidhani mambo yameisha. Programu ilikuwa bado ipo. Ilinibidi niombe kufunguliwa rasmi, na hapo nimejifunza kwamba kumaliza deni na kuondolewa kufuli ni hatua mbili tofauti. Chukua barua au ujumbe wenye IMEI yako unaosema deni limekwisha. Ukipiga *#06# simu inakuonesha IMEI, ilinganishe na iliyoandikwa. Halafu fungua mipangilio ya usalama uangalie kama maandishi kama "This device belongs to your organization" bado yapo. Mwisho hifadhi vitu vyako, ifute simu yote, iunganishe na intaneti na uisubiri ijiwashe. Ikifika kwenye skrini ya kawaida bila kumtaja mkopeshaji, imekuwa yako. Usipofanya hivyo utakuja kugundua siku unaiuza, mbele ya mnunuzi.

Mashine ya kudarizi nikaamua nisiikope. Duka moja lilikuwa na mtindo wa kuweka: unatoa kianzio, mashine inatengwa, unalipia kidogo kidogo, ukimaliza ndipo unaichukua. Bei haikuongezwa hata kidogo na hakuna kufuli, kwa sababu kufuli ni duka lenyewe. Kwa mtu kama mimi ambaye fedha iliyopo ndani hupata kazi, kulikuwa na nidhamu nzuri, maana nikishaipeleka siwezi kwenda kuichomoa jioni.

Lakini hapa unayetoa mkopo ni wewe. Fedha yako iko kwa mwenye duka, naye anafanyia biashara. Akifunga milango, unapanga foleni na wanaomdai wengine, na kijirisiti cha mkono hakina nguvu ya kukupita mbele yao. Kwa sababu hiyo sikukubali muda mrefu, nilianza kuweka nikiwa tayari nimedunduliza nusu, ili fedha yangu ikae kule muda mfupi iwezekanavyo. Pia nilidai karatasi moja yenye muhuri: aina ya mashine, namba yake ya utambulisho, bei isiyobadilika, tarehe ya mwisho, makato nikighairi, na duka litafanya nini kama mashine haipo siku ya kuchukua.

Hilo la mwisho ndilo lililoniokoa. Nilipomaliza, kijana wa dukani akaniletea mashine nyingine, ya toleo la chini, akisema "ni zilezile tu, mama." Yangu ilikuwa imeuzwa kwa mtu aliyekuja na keshi. Nikaweka karatasi mezani, nikamsomea namba ya utambulisho na ule mstari unaosema nitapewa ya kiwango kilekile au cha juu, au fedha yote bila makato. Mwenye duka alipokuja alisoma mara moja, akaagiza nyingine kutoka ghala lake. Bila ile namba ningekuwa nabishana kuhusu neno "zilezile".

Kuna gharama moja ya kuweka dukani ambayo haiandikwi popote. Muuzaji mwingi hupunguza kwa anayekuja na keshi yote. Siku ya kuanza muulize: nikilipa yote leo unaniachia kwa ngapi? Akisema 950 kwa kitu cha 1,000, basi ile 50 ndiyo bei yako ya kuweka. Inaweza kuwa haki kabisa kuilipa kama inakulinda na matumizi, ila uijue.

Mdogo wangu alipokuja na karatasi ya simu ya mkopo, ileile 200 na 4 kwa siku 365, tukakaa na daftari. Alikuwa hana simu kabisa, kwa hiyo kumwambia asubiri siku 200 bila chochote kusingekuwa ushauri. Tukatafuta simu iliyotumika ya 400. Alikuwa na 200, akaweka 4 kila siku, siku ya 50 anakuwa na 400 na anashika simu. Kuanzia hapo anaendelea kuweka 4, na baada ya siku 250 nyingine ana 1,000 ya ile simu mpya. Yote hayo yanafika siku ya 300, amelipa 1,400, ana simu mbili na hakuna inayofungwa. Mwenye mkopo siku hiyo ana simu moja, ameshatoa 1,400 vilevile, na amebakiwa na siku 65 za kulipa.

Ugumu wa kudunduliza ni fedha kuliwa kabla haijafika, na sitausema vingine. Mkopo unalazimisha, akiba hailazimishi. Tulichofanya ni kuiga mkopo: akafungua akaunti ya akiba ya muda maalumu ambayo kuitoa kabla ya tarehe kunamkata faida, na 4 ikawa inakwenda asubuhi, muda uleule ambao wakala angeidai. Siku alizokosa alizifidia wiki iliyofuata. Zikichelewa, kinachochelewa ni simu mpya tu, hakuna kioo kinachozimika.

Kwenye ile simu ya 400 nilikwenda naye. Baadhi ya simu zilizotumika zinazouzwa kwa bei ya kushangaza ni za mkopo ambazo mwenyewe ameacha kulipa. Isiyounganishwa na intaneti inaweza kuonekana huru kabisa mbele yako, ikafungwa ukifika nyumbani. Kwa hiyo tulimwomba muuzaji wa kwanza atoe akaunti yake, aifute simu palepale, aiunganishe na wifi yetu na tuisubiri mpaka skrini ya mwanzo.

"Dada, hiyo itachukua muda," akasema.

"Tuna muda, kaka."

Akairudisha simu mfukoni. Muuzaji wa pili alikubali, IMEI ya *#06# ikafanana na ya kwenye boksi, simu ikajiwasha bila jina la mkopeshaji yeyote, na mdogo wangu akahesabu 400 mezani.